Hela Iliyokosea Namba ni Deni la Aliyeipokea

Tuchukue mfano wa mnunuzi wa pweza wa Miburani, kisiwani Mafia, anayemtumia mvuvi wake shilingi 180,000 kwa simu. Anageuza tarakimu mbili za mwisho. Jina la mpokeaji linatokea kwenye kioo, lakini kwa haraka halisomi, anaingiza namba ya siri, na hela inatua kwa mtu asiyemjua huko Tunduma. Anapopiga huduma kwa wateja anajibiwa kwamba mpokeaji ameshaitoa kwa wakala na salio lililobaki halitoshi. Wengi hukata tamaa hapo, wakiamini kampuni ikishindwa kurudisha muamala basi haki yao nayo imekwisha. Imani hiyo ni potofu, na inawanufaisha wasiostahili.

Kampuni ya simu inaweza kuzuia hela ikiwa bado imo kwenye akaunti, na ndiyo maana kupiga simu mapema kuna faida kubwa. Lakini wajibu wa kurudisha ni wa mpokeaji mwenyewe. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema mtu aliyelipwa fedha au kukabidhiwa kitu kwa makosa lazima alipe au akirudishe. Mnunuzi wa Miburani na mtu wa Tunduma hawakuwahi kuahidiana chochote, ila sheria inawahesabu kama mdai na mdaiwa tangu hela ilipoingia.

Wapo watakaosema uzembe ni wa mtumaji, kwani jina alioneshwa. Hoja hii ilijibiwa Uingereza mwaka 1841 katika kesi ya Kelly dhidi ya Solari. Wakurugenzi wa kampuni ya bima ya maisha walimlipa mjane karibu pauni 200, wakiwa wamesahau kwamba bima ya mumewe ilikuwa imekufa kwa sababu malipo ya mwisho hayakufanywa, ingawa waliwahi kujulishwa. Mahakama iliagiza kesi isikilizwe upya, ikaeleza kwamba aliyelipa kwa kusahau kweli anaweza kudai fedha yake hata kama alikuwa mzembe kiasi gani. Sheria zetu zinapokea kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo hukumu hii si ya ugenini kwetu. Nami naiona ya haki: uzembe wa mmoja haumpi mwingine umiliki.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: je, kama ameshaitumia? Kifungu cha 72 hakikuweka sharti kwamba fedha iwe bado mkononi. Hata yule aliyekuwa na deni la Songesha, ambaye hela ilipoingia tu ikakatwa kulipa deni hilo, hawezi kusema hakupata kitu, maana deni lake limelipwa kwa fedha ya mwenzake. Kuitumia bila kujua humwepusha na jinai, lakini hakumfutii deni. Mambo hubadilika akishajulishwa. Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa wizi kugeuza mali ya mwingine kuwa yako kwa hila, na kwa upande wa fedha, kusema ulikusudia kuirudisha baadaye hakukuokoi.

Hofu ya mpokeaji nayo ina msingi. Matapeli hutuma ujumbe wa uongo kwamba hela imeingia, kisha wanapiga wakilia warudishiwe, mara nyingi kwa namba nyingine. Mpokeaji hana wajibu wa kumtumia kila anayepiga simu. Atazame salio lake kwanza. Likiwa limeongezeka kweli, asiiguse, apige huduma kwa wateja na kuiachia kampuni iirudishe ilikotoka. Ujumbe wa kitapeli autume kwenda 15040.

Ugumu mkubwa ni gharama. Kampuni haimpi mtumaji taarifa za mteja mwingine, kwa hiyo lazima apite polisi, na mdaiwa kwa kawaida hushtakiwa anakoishi. Kutoka Mafia kuvuka hadi Nyamisati, kisha kusafiri hadi Tunduma, kunaweza kumeza sehemu kubwa ya hizo 180,000. Hata hivyo, laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na mpokeaji anayejua kwamba polisi wanaweza kumfikia ana sababu ya kulipa kabla ya kesi. Kwa hiyo ukikosea namba, usifute ujumbe wa muamala. Piga simu kampuni dakika hiyohiyo, na ukiambiwa salio halitoshi, nenda kituo cha polisi ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala, kisha udai deni lako.