Mayai yamepanda: barua ya mfugaji kwa mwenye mgahawa

Mara nyingi mwenye mgahawa hupata taarifa ya bei mpya ya mayai kutoka kwa kijana wa bodaboda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mafuta yanachemka na trei zinashushwa, kisha kijana anasema kwa sauti ya chini: "Mama, bosi kasema mayai yamepanda." Kwa kiasi gani na kwa nini, kijana hajui. Hapo ndipo mteja wa miaka mitatu anapoanza kupiga simu kutafuta mfugaji mwingine.

Wapo wanaoandika barua, ila nyingi zinasema tu kwamba "kutokana na kupanda kwa gharama za uendeshaji" bei imebadilika. Sentensi hiyo haimsaidii mtu anayetakiwa kuamua leo kama apandishe bei ya chipsi mayai au ameze hasara. Anachohitaji ni hesabu, na hesabu ya mayai, kwa bahati nzuri, inaingia kwenye ukurasa mmoja.

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Kibaha mwenye kuku 300 wa mayai, anayempelekea mama mwenye mgahawa jirani trei tatu kila asubuhi. Kuku mmoja anayetaga hula kati ya gramu 110 na 120 za chakula kwa siku. Kwa gramu 120, banda zima linamaliza kilo 36, yaani kama mifuko mitano ya kilo 50 kwa wiki. Kundi hili liko kwenye umri mzuri na linataga kwa asilimia 80, kwa hiyo kila siku yanaokotwa mayai 240, sawa na trei nane. Kilo 36 ukizigawa kwa trei nane unapata kilo nne na nusu. Hicho ndicho kiasi cha chakula kilichomo ndani ya trei moja, na barua yote inasimama juu yake.

Tuseme mfuko uliokuwa shilingi 60,000 sasa ni 70,000. Kilo imetoka 1,200 hadi 1,400. Chakula cha trei moja kilikuwa kinagharimu 5,400, sasa ni 6,300. Kama trei ilikuwa inauzwa 8,500, mfugaji alikuwa anabakiwa na 3,100 za kulipia vifaranga, chanjo, maranda, kibarua na usafiri, kabla hajahesabu faida yake. Sasa anabakiwa na 2,200. Kwa trei nane ni pungufu ya shilingi 7,200 kila siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni 216,000.

Mwenye mgahawa anaweza kuuliza, na ana haki: kwa nini kuku wasipunguziwe chakula mpaka bei itulie? Kwa sababu kuku anayepunjwa hujilinda mwenyewe kwanza. Chakula kidogo anachopata anakitumia kuishi, na kinachokatwa ni yai. Kuchanganya pumba nyingi kwenye chakula ili kirefuke kunaleta matokeo yaleyale kwa kuchelewa kidogo: protini inashuka, mayai yanakuwa madogo, utagaji unaporomoka. Akibana chokaa, gamba linakuwa laini na mayai yanapasukia kwenye trei kabla hayajafika jikoni. Mama anayeona nyufa zinaongezeka wiki baada ya wiki, ilhali bodaboda ni yuleyule na barabara ni ileile, aulizie chakula.

Kwa nini mfuko wenyewe umepanda? Sehemu kubwa ya chakula cha kuku ni mahindi na pumba zake, na mahindi yana msimu. Yakivunwa, bei inashuka. Ghala zikianza kukauka kuelekea mwanzoni mwa mwaka, inapanda. Protini inatoka kwenye soya, mashudu ya alizeti na dagaa, na hivyo navyo vina misimu yao na wanunuzi wao wengine. Mfugaji mwenye kuku 300 hana ghala wala mtaji wa kununua mahindi ya miezi sita wakati wa mavuno, kwa hiyo kila anaporudi dukani anakutana na bei ya siku hiyo.

Barua yake basi inaweza kuwa hivi:

"YAH: BEI YA TREI YA MAYAI KUANZIA TAREHE 1 MACHI

Mama, shikamoo. Poleni na kazi. Naandika kukuarifu kwamba kuanzia tarehe 1 Machi trei itakuwa shilingi 9,400 badala ya 8,500. Mfuko wa chakula niliokuwa nanunua 60,000 sasa ni 70,000. Naambatisha nakala za risiti mbili, ya Novemba na ya wiki hii. Trei moja inachukua kilo nne na nusu za chakula, hivyo ongezeko ni shilingi 900, na ndilo hilo tu nililoweka. Kwa sahani yenye mayai mawili ni shilingi 60. Mfuko ukishuka hadi 65,000 nitapunguza shilingi 450 kwa trei. Mwezi Julai, baada ya mavuno, nitakuandikia tena. Trei zako tatu ziko palepale."

Shilingi 60 kwa sahani ndiyo namba atakayoishika mama. Kwake 900 kwa trei inasikika kubwa, na kwa trei tatu ni 2,700 kwa siku, si pesa ya kupuuza. Lakini sahani ikiuzwa 3,000, ongezeko ni asilimia mbili. Sasa anaweza kuamua kwa utulivu kama atalibeba mwenyewe au ataligusa bei. Taarifa ya wiki mbili inampa nafasi hiyo; taarifa ya asubuhi ya leo haimpi.

Kuna kishawishi cha kuandika 9,500 ili chenji isisumbue. Shilingi 100 hiyo haina risiti, na mteja mwenye kikokotoo kwenye simu ataiona.

Kuna jambo jingine gumu zaidi, ambalo wafugaji wengi wangependa lisitajwe. Kuku wakizeeka, au wakipigwa na kideri kwa sababu chanjo ilirukwa, utagaji unashuka ilhali walio hai wanakula vilevile. Kundi lile la 300 likishuka hadi asilimia 65, mayai ni 195, trei sita na nusu, na kila trei sasa imebeba kilo tano na nusu badala ya nne na nusu. Kwa bei ya 1,400 kilo hiyo ya ziada ni shilingi 1,400. Gharama hiyo imetoka bandani, haikutoka dukani, na si haki kumbebesha mwenye mgahawa. Dawa yake ni kubadilisha kundi kwa wakati, jambo ambalo mfugaji hulipanga mapema, kwani kifaranga wa leo hutaga baada ya miezi minne na nusu au mitano.

Mteja atajuaje ni lipi kati ya hayo mawili linamfikia? Aombe kuona daftari la banda: kuku waliopo, mayai yaliyookotwa, mifuko iliyofunguliwa, siku kwa siku. Mfugaji makini analo. Agawe kilo kwa trei. Akikuta zimezidi tano kwa mbali, mazungumzo ya bei yaanzie hapo.

Wakati mwingine kuna njia ya kati. Kuku wanaoanza kutaga hutoa mayai madogo, ya gramu kama 45, wakati yai la kawaida linakaribia 60. Mfugaji mwenye kundi changa anaweza kuuza trei hizo kwa bei ya zamani kwa matumizi ya maandazi na keki, na trei kubwa zikabaki kwa chipsi. Mradi aandike waziwazi zipi ni zipi, maana mama anahesabu mayai lakini kikaango kinapima uzito.

Ahadi ya Julai nayo ni deni. Mfugaji aliyeiandika anapaswa kutuma barua ya pili mwezi huo pamoja na risiti mpya, hata kama mfuko bado unauzwa 70,000.