Kotikosteroidi: Je, Madhara Yake ni ya Pembeni?

Mwanafunzi wa tiba aandikaye insha kwa Kiswahili juu ya kotikosteroidi, dawa jamii ya prednisoloni, hukuta istilahi iliyokwisha kuzoeleka: "madhara ya pembeni". Kwa dawa nyingine huenda istilahi hiyo ikafaa. Kwa dawa hizi inapotosha, kwa kuwa inadokeza kwamba dawa huponya kwa njia moja na kudhuru kwa njia nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba njia ni ile ile moja.

Dawa hizi zinafanana na kotisoli, homoni itolewayo na gamba la tezi adrenali, zilizo juu ya mafigo. Mwaka 1948 Dakta Philip Hench na wenzake wa Kliniki ya Mayo, Marekani, walimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea vyema. Baada ya siku chache alipata nafuu kubwa. Haikupita muda mrefu, wagonjwa waliozidi kupewa dawa hiyo wakaanza kuvimba nyuso zikawa za duara.

Ili kuelewa mambo hayo mawili, yatupasa kuingia ndani ya seli. Kotikosteroidi huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya utando wa seli bila shida. Ndani yake hukutana na protini iitwayo kipokezi, ambayo hushikiliwa na protini nyingine ikisubiri. Dawa ikijishikiza, kipokezi hufunguliwa na kuingia katika kiini, mahali jeni zilipo. Hapo ndipo panapohitajika istilahi "unukuzi", yaani kitendo cha seli kunakili habari za jeni ili protini itengenezwe.

Kipokezi huathiri unukuzi kwa namna mbili. Kwanza, hujishikiza kwenye DNA, karibu na jeni fulani, na kuongeza unukuzi wake. Miongoni mwa protini zinazoongezeka ni aneksini, ambayo huzuia kutolewa kwa asidi ya mafuta inayotumika kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu na wekundu. Pili, hukamata vidhibiti viitwavyo NF-κB na AP-1, ambavyo huamsha jeni za inflamesheni, yaani uvimbe wenye joto na maumivu. Vidhibiti hivyo vikikamatwa, jeni hizo hupungua kunukuliwa. Kwa kuwa protini mpya huhitaji muda kutengenezwa na za zamani huhitaji muda kwisha, nafuu nyingi huonekana baada ya saa kadhaa, wala si mara moja.

Sasa, kipokezi hiki hakimo katika viungo vyenye ugonjwa peke yake. Kimo karibu katika kila seli. Katika ini huongeza unukuzi wa jeni za kutengeneza sukari, na mgonjwa aweza kupata kisukari. Katika mifupa hudhoofisha seli zinazoijenga, na upungufu huwa wa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Kinga nayo hupungua, kwa sababu inflamesheni yenyewe ni sehemu ya kinga.

Tuchukue mfano wa mama mwenye baridi yabisi anayemeza prednisoloni miligramu 20 kila siku kwa mwaka mzima. Mwili wenye afya hutoa kotisoli yenye nguvu ya takriban miligramu 5 tu za prednisoloni kwa siku. Ubongo na tezi pituitari hupima kiasi hicho kikubwa, na kwa unukuzi ule ule uliozimwa hupunguza homoni inayoiamrisha tezi adrenali. Tezi isiyoamrishwa hunywea. Mama huyu akiona amepona akaacha vidonge siku moja, mwili haupati kotisoli kutoka nje wala ndani. Baada ya siku chache aweza kulegea, kutapika, kushukwa na shinikizo la damu na hata kufa, hasa akipatwa na homa kali au kupasuliwa. Mtu akidhani ni malaria peke yake, mgonjwa atapotea. Ndiyo sababu dozi hupunguzwa polepole, kwa wiki au miezi, chini ya usimamizi wa daktari. Aliyetumia dawa kwa siku tano tu kwa ajili ya pumu kwa kawaida hahitaji kufanyiwa hivyo, maana tezi yake haijanywea.

Tunapendekeza basi kwamba katika maandishi juu ya kotikosteroidi "madhara ya pembeni" yaachwe, itumike "madhara ya matumizi ya muda mrefu". Maneno haya ni marefu kidogo, lakini yanataja kinachoamua, yaani muda. Mwanafunzi aliyefahamu kwamba kupona na kudhurika vyote vyatokana na unukuzi hatashangaa tena kwa nini dawa iliyomsimamisha mgonjwa ndiyo iliyomnyong'onyeza mifupa.