Kabla ya kusaini agrimenti ya duka, tafuta kifungu cha indemniti

UMEPATA duka Endarasha, hatua chache kutoka sokoni. Kodi ni Sh8,000 kwa mwezi, depositi ni ya miezi miwili, na mwenye ploti ni mzee mpole asiye na maneno mengi. Anakupa agrimenti ya kurasa sita, yote Kiingereza. Unasoma kodi, unasoma tarehe ya kulipa, kisha unatafuta pa kutia sahihi. Ukurasa wa nne unaupita tu.

Rudi hapo kwanza. Mara nyingi ndipo panapokaa kifungu cha indemniti. Hii ni ahadi kwamba mwenye ploti akidaiwa pesa na mtu kwa sababu ya duka hilo, wewe ndiye utakayelipa kwa niaba yake. Kando yake huwa kuna kifungu cha pablik layabiliti, kinachokutaka uchukue bima ya kulipia watu wa nje wanaoumia dukani, kama wateja na wapita njia. Ukivisoma haraka utadhani ni kitu kimoja, eti ukishalipa bima, indemniti imeshughulikiwa. Sivyo, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Tuchukue mfano. Umefungua duka la mbegu na dawa za mimea. Mfereji wa paa juu ya baraza umepasuka, na mvua ikinyesha maji yanamwagika mlangoni. Umemwambia mwenye ploti mara mbili, naye amekuambia fundi yuko njiani. Asubuhi moja ya baridi, mama aliyekuja kununua mbegu za kabichi anateleza hapo na kuvunjika mguu.

Kenya tuna Sheria ya Dhima ya Wakaaji, Sura ya 34. Inasema anayedhibiti mahali ana wajibu wa kuhakikisha kwamba wanaoingia hapo kihalali wako salama kiasi inavyofaa. Ndani ya duka, mdhibiti ni wewe. Paa, ngazi au baraza linalotumiwa na maduka yote kwa kawaida viko mikononi mwa mwenye ploti. Kwa hivyo mama yule anaweza kuwashtaki wote wawili, na ana miaka 3 ya kufanya hivyo.

Sasa tuseme korti inampa Sh600,000. Hakimu anaona mwenye ploti ana makosa asilimia 70 kwa kuacha mfereji, nawe una asilimia 30 kwa kuwa uliona maji kila siku na hukuweka hata gunia wala kuwaonya wateja. Bila kifungu cha indemniti, sehemu yako ni Sh180,000, na kama una bima ya pablik layabiliti, kampuni ya bima ndiyo itakayoshughulikia hesabu hiyo.

Kukiwa na kifungu, mambo hubadilika. Mwenye ploti anakuambia, “Kijana, ulisaini kwamba utanilipia.” Kanuni za kesi za madai za 2010 zinamruhusu kukuvuta kortini kwa ilani ya mtu wa tatu, hata kama mama alimshtaki yeye peke yake. Kifungu kikisimama, zile Sh420,000 zake zinakuangukia pia, pamoja na ada ya wakili wake ikiwa nayo imeandikwa humo. Hiyo ni kodi ya zaidi ya miaka minne.

Unakimbilia bima. Ajenti anafungua polisi yako na kukuonyesha sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Polisi nyingi za aina hii hazilipi dhima uliyojitwika kwa mkataba, kama usingekuwa nayo bila mkataba huo. Zile Sh180,000 ni kosa lako kisheria, kwa hivyo zinalipiwa. Zile Sh420,000 zilikuwa za mwenye ploti mpaka uliposaini, na bima haizitambui. Utazitoa mfukoni.

Je, kila indemniti hushika namna hii? Hapana. Kesi inayotajwa sana na mawakili ilitoka Kanada. Kampuni ya meli, Kanada Stimship Lainz, ilikuwa imekodi ghala la serikali katika bandari ya Montreal. Mwaka 1944 wafanyakazi wa serikali walikuwa wakirekebisha mlango kwa moto wa gesi, cheche zikashika marobota ya pamba na ghala likateketea. Serikali ikasema mkataba unaikinga na kwamba mpangaji ndiye wa kulipa. Mwaka 1952 Baraza la Mfalme huko London likakataa. Likasema anayetaka kukingwa dhidi ya uzembe wake mwenyewe anapaswa kuandika hivyo waziwazi, na maneno ya jumla yenye maana nyingine hayatoshi.

Korti zetu hazifungwi na uamuzi huo, lakini huusikiliza. Funzo lake kwako ni jinsi ya kusoma. Ukikuta “madai yoyote yatokanayo na biashara ya mpangaji”, bado una pa kujitetea. Ukikuta “hata kama yamesababishwa na uzembe wa mwenye nyumba au mawakala wake”, mlango huo umefungwa. Hayo ndiyo maneno ya kutafuta kwa kidole, mstari kwa mstari.

Ukiyapata, usitupe agrimenti wala usigombane na mzee. Omba mabadiliko matatu. Kwanza, ahadi yako ihusu ndani ya duka na makosa yako na ya wafanyakazi wako tu. Pili, iandikwe kwamba haihusu uzembe wa mwenye ploti wala ubovu wa paa, kuta kuu, mifereji na nyaya kuu za stima. Tatu, kiasi unachoweza kudaiwa kisizidi kile ambacho bima yako inalipa. Kila mahali mlipofuta au kuongeza neno, wote wawili mtie herufi za majina yenu kando.

Kisha mpelekee ajenti wa bima kifungu chenyewe kabla hujalipa. Muulize kama polisi inakilipia, na udai jibu la maandishi. “Usijali, tunakava kila kitu” ya simu haitakusaidia siku ya kesi.

Labda unasema, “Mimi sina agrimenti, tulipeana mkono tu.” Cha ajabu, hapo unaweza kuwa na nafuu. Sheria ya Sura ya 301 kuhusu maduka, hoteli na mikahawa inaupa upangaji usioandikwa masharti yake. Mojawapo ni kwamba paa, kuta za nje na nyaya kuu ni mzigo wa mwenye nyumba kutengeneza. Ukisaini karatasi, maneno ya karatasi ndiyo yanayoangaliwa kwanza.

Na mfereji ukipasuka, usimwambie mzee kwa mdomo peke yake. Piga picha, mtumie kwa Watsapu na usifute. Dai linalotokana na mkataba lina miaka 6. Unaweza kuwa ulishafunga duka na kuhamia Nyeri mjini au Karatina, halafu ilani ikufuate huko. Siku hiyo utahitaji kuonyesha tarehe uliyomwambia kwamba maji yanamwagika mlangoni.