Utoaji wa Sarafu za Kidijitali Unapozuiwa kwa Ukaguzi

Sarafu ya kidijitali ikishatoka kwenye soko na kuthibitishwa kwenye mtandao wake, soko haliwezi kuirudisha. Ndiyo maana ukaguzi wa usalama hufanywa kabla haijatoka.

Tuseme mteja wa Mwanza amenunua simu mpya, amebadili nywila, na siku hiyohiyo anaomba kutoa USDT 600 kwenda kwenye anwani ambayo hajawahi kuitumia. Mwizi aliyeiteka akaunti naye angefanya hivyohivyo. Masoko mengi husimamisha utoaji kwa saa 24 au zaidi baada ya nywila kubadilishwa. Muda huo humpa mwenye akaunti nafasi ya kugundua wizi.

Mteja aanze kwa kutazama historia ya utoaji. Ikiwa namba ya muamala, yaani TxID, haijaonekana, kwa kawaida sarafu bado zimo ndani ya soko. Ikionekana, zimeshatumwa, na ucheleweshaji utafutwe kwenye mtandao au kwa mpokeaji.

Saa hizo zikipita bila utoaji kuendelea, huenda tatizo ni ngazi ya uhakiki. Ngazi ya chini huhitaji barua pepe na namba ya simu tu. Inayofuata hudai kitambulisho cha serikali na picha ya uso. Ya juu huongeza uthibitisho wa makazi, na wakati mwingine maelezo ya chanzo cha fedha. Agosti 2021, Binance ilitangaza kwamba hata watumiaji wake wa zamani lazima wahakikiwe utambulisho ili waendelee kupata huduma zote.

Kwa kitambulisho, pasipoti ndiyo inayopokelewa na masoko mengi zaidi. Mwenye namba ya NIDA bila kadi anaweza kukwama, kwa sababu mfumo husoma picha ya hati yenyewe. Hati ipigwe picha mahali penye mwanga, pembe zote nne zionekane, na majina yafanane na ya akaunti. Aliyejisajili kwa majina mawili ilhali pasipoti ina matatu aombe kurekebishiwa kabla ya kutuma tena.

Uthibitisho wa makazi ndio huwasumbua wengi. Anayenunua umeme kwa LUKU hapati ankara ya kila mwezi yenye jina na anwani. Badala yake, taarifa ya benki hufaa, mradi ionyeshe jina, mahali anapoishi na tarehe, ambayo kwa kawaida isizidi miezi mitatu. Sanduku la posta pekee mara nyingi hukataliwa, kwa kuwa halionyeshi mtu anakolala.

Hati zitumwe ndani ya programu au tovuti rasmi ya soko pekee. Anayemwandikia mteja kwenye WhatsApp au Telegram akimtaka alipe kwanza ili fedha zake zifunguliwe ni tapeli: soko halali hukata ada ya utoaji kwenye salio lililopo, halidai amana mpya.