Makato ya Pensheni: Pesa Zako Huenda Wapi, na Huzaaje

Tumchukue mwalimu wa shule ya binafsi mjini Nakuru, mwenye umri wa miaka 30, anayelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi slipu yake ya mshahara huonyesha makato ya shilingi 3,600 kwa ajili ya pensheni. Asichokiona kwenye slipu ni kwamba mwajiri naye, kwa mujibu wa sheria, hutoa shilingi 3,600 nyingine kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo pesa zinazowekwa kwa jina la mwalimu huyu ni 7,200 kila mwezi, na nusu yake hakuitolea jasho la ziada.

Hesabu hiyo inatokana na Sheria ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, ya mwaka 2013. Sheria hiyo ilikwama mahakamani miaka mingi, ikaanza kutumika Februari 2023 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Kabla ya hapo mfanyakazi wa Kenya alikatwa shilingi 200 tu kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200, hata kama mshahara ulikuwa laki moja. Sasa kila upande hutoa asilimia 6 ya mshahara, mpaka kwenye kiwango cha juu ambacho sheria inakipandisha kwa awamu. Kuanzia Februari 2025 kiwango hicho kilikuwa shilingi 72,000, na jedwali la sheria linakipeleka hadi 108,000 katika mwaka wa nne.

Makato yamegawanywa katika madaraja mawili. Daraja la Kwanza linahusu sehemu ya chini ya mshahara, ambayo mwaka 2025 ilikuwa shilingi 8,000 za mwanzo, na pesa zake huenda NSSF bila mjadala. Daraja la Pili linahusu mshahara uliobaki. Hapa mwajiri anaweza kuomba idhini kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, ili pesa hizo ziende kwenye skimu ya pensheni ya kazini badala ya NSSF. Kwa viwango hivyo vya 2025, shilingi 480 za mwalimu wetu huenda NSSF, na 3,120 zinaweza kwenda kwenye skimu ya shule. Ndiyo sababu watu wengi wana akaunti mbili za pensheni huku wakidhani wana moja.

Kuna nafuu ya kodi pia. Michango ya pensheni, hadi shilingi 30,000 kwa mwezi tangu mwisho wa Desemba 2024, huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Shilingi za mwisho za mshahara wa mwalimu huyu hutozwa asilimia 30, kwa hiyo kati ya zile 3,600 zinazokatwa, 1,080 zingechukuliwa na serikali hata hivyo. Kilichopungua mkononi mwake kwa kweli ni 2,520. Akiamua kuongeza mchango wa hiari wa shilingi 2,000, mshahara anaopeleka nyumbani utapungua kwa 1,400 tu.

Pesa zikishafika kwenye skimu, hazikai kwa mwajiri. Humilikiwa na wadhamini kwa niaba ya wanachama, na katika skimu ambazo mafao hutegemea michango na faida, angalau nusu ya wadhamini huteuliwa na wanachama wenyewe. Wadhamini humwajiri meneja wa uwekezaji, ambaye ndiye anayeamua kununua nini. Mali yenyewe hushikwa na mtunzaji, kwa kawaida benki, ili meneja asiwe na njia ya kuigusa kwa mkono wake. Hatari kubwa iko kabla ya hapo: kati ya slipu na skimu. Mwajiri aliyebanwa na madeni anaweza kukata pesa kwenye mshahara na asizipeleke. Mfanyakazi atagundua akilinganisha slipu zake na taarifa ya akaunti, mwezi kwa mwezi. Mwezi ukikosekana, au jumla ya mwaka ikiwa pungufu, swali liulizwe kwa maandishi kwa wadhamini, na jibu lisipokuja, kwa RBA. Deni la miezi mitatu hulipika. La miaka minane ya kampuni iliyofilisika ni habari nyingine kabisa.

Sasa uwekezaji. RBA imeweka mipaka: skimu inaweza kuweka hadi asilimia 90 kwenye dhamana za serikali, hadi asilimia 70 kwenye hisa za makampuni yaliyo sokoni, hadi asilimia 30 kwenye majengo na ardhi, na hadi asilimia 15 nje ya nchi. Ndani ya mipaka hiyo, mfanyakazi wa Kenya kwa kawaida hukutana na njia mbili. Ya kwanza ni mfuko wenye dhamana, unaoendeshwa na kampuni ya bima. Kampuni huahidi faida ya chini kabisa kila mwaka, halafu hutangaza faida halisi baada ya mwaka kuisha. Salio halishuki, lakini mwaka ambao soko limefanya vizuri, kampuni hubakiza sehemu ya faida kama akiba ya kufidia miaka mibaya. Njia ya pili ni mfuko ambao mali zake huhesabiwa kwa bei ya soko. Chochote soko lilichotoa, kizuri au kibaya, huingia kwenye salio lako baada ya gharama.

Tofauti ya njia hizi ilionekana wazi hivi karibuni. Soko la Hisa la Nairobi lilishuka mwaka 2022 na tena 2023. Wakati huohuo viwango vya riba vilipanda, na riba ikipanda, bei ya hatifungani za zamani zenye riba ndogo hushuka. Skimu zilizohesabu mali kwa bei ya soko zikabanwa kote kuwili. Wanachama wengi walishtuka, kwa maana walikuwa wameambiwa hatifungani za serikali ni salama. Ni salama kwa maana kwamba serikali hulipa riba na mtaji siku ikifika. Bei yake kabla ya siku hiyo hupanda na kushuka. Mwaka 2024 hisa zikapanda kwa nguvu. Aliyebaki ndani alipata nafasi ya kurudishiwa. Aliyetoka 2023 aliondoka na hasara mkononi.

Kwa hiyo swali la kuchagua mfuko ni swali la miaka iliyobaki. Mtu wa miaka 30 ana muda wa kungoja soko liinuke mara kadhaa, na dhamana ya salio lisiloshuka humgharimu faida ambayo angeipata. Mtu wa miaka 57 hana muda huo. Naona ni kosa kubwa kumwacha mfanyakazi aliyebakiza miaka mitatu kwenye mfuko uliojaa hisa, kwa sababu tu hakuna aliyemwuliza. Katika skimu nyingi uamuzi huu hufanywa na wadhamini kwa niaba ya wote. Nyingine humruhusu mwanachama kuhama mfuko, hasa kwa mchango wake wa hiari.

Turudi kwa mwalimu tuone salio linavyokua. Kwa mwaka huwekwa shilingi 86,400. Tuseme mshahara haubadiliki, akaunti zake mbili zinazaa sawa, na faida baada ya gharama zote ni asilimia 8 kwa mwaka. Huu ni mfano tu, wala hakuna aliyeahidi kiwango hicho. Baada ya miaka 10 salio litakuwa kama 1,252,000. Kati ya hizo, 864,000 ni michango, na faida haifiki hata laki nne. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema pensheni haizai. Baada ya miaka 20 salio ni kama 3,954,000. Baada ya miaka 30, akiwa na umri wa miaka 60, ni kama 9,788,000, ingawa michango yote kwa jumla ni 2,592,000. Miaka kumi ya mwisho peke yake imeleta karibu milioni tano za faida, kwa sababu asilimia 8 sasa inakokotolewa juu ya mamilioni.

Ukiielewa hesabu hiyo utaona kwa nini kubadilisha kazi ni wakati wa hatari. Tuseme baada ya miaka 10 mwalimu anahamia shule nyingine. Skimu ya kazini inaweza kumruhusu mwanachama kuchukua sehemu ya mafao anapoacha kazi, na fomu huwa tayari mezani. Tuseme, kwa mfano tu, angeweza kutoa kiasi sawa na nusu ya salio: angepata takriban 626,000, kabla ya kodi. Pesa hizo zingebaki kwa miaka 20 zaidi kwa faida ileile ya asilimia 8, zingefika kama 2,917,000. Salio lake la kustaafu litashuka kutoka milioni 9.8 hadi chini kidogo ya milioni 6.9. Anaweza badala yake kuomba salio lililo kwenye skimu lihamishiwe skimu ya mwajiri mpya au mpango wa pensheni wa mtu binafsi.

Gharama nazo hula kimyakimya. Meneja, msimamizi na mtunzaji wote hulipwa kutoka kwenye mfuko. Gharama zikipanda kwa asilimia moja tu, faida ya mwalimu ikawa 7 badala ya 8, salio la miaka 30 ni kama 8,161,000. Zaidi ya milioni moja na nusu zimeondoka bila mtu kuona makato yoyote. Wadhamini huwapa wanachama hesabu katika mkutano mkuu wa kila mwaka, na hapo ndipo pa kuuliza gharama zote kwa jumla ni asilimia ngapi ya mfuko.

Milioni 9.8 isimdanganye mtu. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 kwa mwaka kwa miaka 30, kiasi hicho kitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban milioni 2.3. Bahati njema ni kwamba mchango ni asilimia ya mshahara, hivyo hupanda mshahara unapopanda, mpaka ugonge kiwango cha juu. Hapo mchango wa hiari ndio unaobaki. Zile 2,000 za ziada kwa mwezi, kwa asilimia 8, zingekuwa kama 2,719,000 baada ya miaka 30.

Siku ya kustaafu ikifika, skimu ya pensheni humruhusu mwanachama kuchukua theluthi moja kwa mkupuo. Kwa mwalimu wetu ni kama 3,263,000. Theluthi mbili zilizobaki, kama 6,525,000, hugeuzwa kuwa mapato ya kila mwezi. Anaweza kununua pensheni ya maisha kutoka kampuni ya bima: atalipwa mpaka afe, lakini akishatia sahihi harudi nyuma, na kinachobaki kwa familia hutegemea masharti aliyochagua siku ile. Au anaweza kuziacha pesa zikiwa zimewekezwa na kutoa si zaidi ya asilimia 15 ya salio kwa mwaka. Mwaka wa kwanza hiyo ni hadi kama 81,600 kwa mwezi. Lakini faida ikiwa asilimia 8 na yeye anatoa 15, salio linapungua kila mwaka, na posho ya mwaka unaofuata inapungua pamoja nalo. Akifa katikati, kilichobaki ni cha warithi wake. Kabla ya kuchagua, aombe bei kutoka kampuni zaidi ya moja ya bima, kwa siku ileile na kwa kiasi kilekile, kwa sababu malipo ya mwezi hutofautiana.