Bodi haikujua, lakini kampuni ikaamriwa kulipa

Kampuni haina mkono wa kushika kalamu, hivyo mikataba yake husainiwa na watu. Sasa siku mmoja wao akisaini bila ruhusa ya bodi, hasara inabebwa na nani? Wengi hudhani jibu ni rahisi: kama hakutumwa, basi kampuni haihusiki. Mahakama hazioni hivyo.

Mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza, kesi ya Panorama dhidi ya Fidelis, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1971.

Fidelis ilikuwa kampuni ya vitambaa. Katibu wa kampuni hiyo aliwasiliana na wafanyabiashara wa kukodisha magari, akawaambia kampuni inataka magari ya kuwapokea wateja wake uwanja wa ndege wa Heathrow na kuwapeleka kiwandani. Barua zilikuwa kwenye karatasi za kampuni, na mikataba aliisaini kwa cheo chake. Magari yenyewe hayakuwa ya kubahatisha: Rolls-Royce na Jaguar. Kumbe hakukuwa na wateja wowote. Jamaa alikuwa anayatumia kwa mambo yake.

Bili ilipofika zaidi ya pauni 500, Fidelis ikagoma. Mkurugenzi wake mkuu hakujua lolote kuhusu magari hayo. Mawakili wakaleta uamuzi wa mwaka 1887 uliosema katibu wa kampuni ni mtumishi tu, anafanya anachoagizwa, na hakuna mtu wa nje anayepaswa kudhani ana mamlaka yoyote.

Jaji Denning akasema nyakati zimebadilika. Katibu wa siku hizi ni ofisa mkubwa wa utawala, anasaini mikataba ya kila siku ya ofisi: kuajiri wafanyakazi, kuagiza magari na kadhalika. Kampuni ikishampa mtu kiti hicho, inawaambia watu wa nje kwamba ana uwezo wa kawaida wa kiti hicho. Fidelis ikalipa.

Hayo ndiyo yanayoitwa mamlaka ya kuonekana. Kwa kweli ofisa hana ruhusa, lakini kampuni imemweka mahali ambapo mtu wa kawaida ataamini anayo. Bodi inaweza kumgeukia ofisa wake baadaye, kama bado ana kitu cha kulipia. Mwenye magari hayamhusu hayo.

Neno la nani linahesabika?

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Picha ya mamlaka lazima itoke kwa kampuni, kwa cheo iliyompa mtu au kwa mwenendo wake. Ofisa mwenyewe kusema "bosi ameshakubali" hakutoshi.

Somo hilo liliigharimu kampuni ya Armagas katika kesi yake dhidi ya Mundogas, iliyofika Baraza la Malodi mwaka 1986. Armagas ilinunua meli ya Ocean Frost kwa Mundogas, kwa makubaliano kwamba Mundogas itaikodi tena meli hiyohiyo kwa miaka 3. Mkataba wa kuikodi ulisainiwa na makamu wa rais wa Mundogas aliyesimamia usafirishaji. Cheo kizito hicho, tena cha idara husika. Lakini hakuwa na ruhusa ya dili la miaka 3, na alikuwa ameahidiwa hongo.

Kilichoiangusha Armagas ni kwamba watu wake walijua cheo kile peke yake hakitoshi kwa mkataba wa aina ile, na kwamba angehitaji kibali maalumu kutoka juu. Waliamini amekipata kwa sababu yeye alisema amekipata. Mundogas yenyewe haikuwa imewaambia chochote, wala kwa maneno wala kwa vitendo. Malodi wakasema Mundogas haifungwi na mkataba huo.

Tofauti ya kesi hizi mbili haiko kwenye ukubwa wa cheo. Katibu wa Fidelis alikuwa mdogo kuliko makamu wa rais wa Mundogas, ila kukodi magari ni kazi inayoendana na ukatibu. Angejaribu kuuza kiwanda, mnunuzi asingekuwa na pa kusimamia.

Msimamo huu upo Afrika Mashariki pia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inasema aliyewafanya watu wa nje waamini wakala wake ana mamlaka, kwa maneno au kwa mwenendo, atafungwa na alichofanya wakala huyo. Ndiyo maana muuzaji anayepewa oda isiyo ya kawaida huomba nakala ya azimio la bodi. Na akiipata, hupiga simu kwa mkurugenzi mwingine kuuliza, si kwa yuleyule aliyemletea karatasi.