Swali Ambalo Mtaalamu wa Lishe Anaweza Kulijibu Laivu

Tangazo lenyewe huwa fupi: picha ya mtaalamu wa lishe, siku, saa, na maneno mawili, "Tumeni maswali." Watu wanatuma. Jioni mtaalamu anaingia laivu na kusoma swali la kwanza: "Mwanangu hapendi kula, nimpe dawa gani ya hamu?" Hapo anayepaswa kujibu ndiye anayeanza kuuliza. Mtoto ana umri gani? Ana kilo ngapi? Bado ananyonya? Aliyetuma swali pengine bando limeisha na hayupo tena, na mtaalamu anaishia kutoa nasaha za jumla ambazo kila mtu amekwisha kuzisikia redioni.

Anayetaka kujibiwa asisubiri laivu ianze. Kwenye Instagram, mtaalamu huweka kisanduku cha maswali, kiitwacho Questions, kwenye Story yake. Unakigusa, unaandika, unatuma. Story hudumu saa 24 tu, kwa hiyo ukiiona asubuhi usiseme utarudi keshokutwa. Swali la kisandukuni humfikia mwenye ukurasa pamoja na jina lako la mtandaoni, lakini akilionyesha kwa watazamaji, jina hilo halionekani. Maoni yanayoandikwa wakati wa laivu ni jambo jingine: kila mtazamaji anayasoma, tena yanapita haraka kiasi kwamba swali zuri humezwa na salamu na vikopa.

Sasa turudi kwa yule mama, tumsaidie kuandika upya. Achukue kadi ya kliniki kwanza, kisha aandike hivi: "Binti ana miezi 10, ananyonya. Alipokuwa na miezi 8 alikuwa na kilo 7.6, miezi 9 kilo 7.7, wiki hii 7.7. Anakula mara tatu: asubuhi na usiku uji mwepesi, mchana viazi vya kuponda. Hana homa wala hajaharisha. Nyumbani tuna maharage, dagaa, na mayai mara mojamoja. Nibadilishe nini?" Kisanduku kikiwa kidogo, alikate katika jumbe mbili.

Swali hilo mtaalamu analijibu. Ataona kwamba tatizo huenda si hamu. Uji mwepesi ni maji mengi na unga kidogo: tumbo la mtoto linajaa kabla hajapata chakula cha kutosha. Atamwambia aukoroge uwe mzito, usitiririke kwenye kijiko, auongezee karanga zilizosagwa au mafuta kidogo, na dagaa waliokaushwa na kusagwa waingie kwenye viazi. Mtoto wa umri huo anahitaji milo 3 hadi 4 kwa siku, kila mlo kama nusu kikombe cha mililita 250, na kitafunwa kimoja au viwili katikati. Karanga zenye ukungu zitupwe, wala zisioshwe na kukaangwa ili zitumike, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa moto wa jikoni.

Lakini atasema pia neno ambalo wengi hawapendi kulisikia: uzito uliosimama namna hiyo unataka mtoto apelekwe kliniki, apimwe upya na achunguzwe. Laivu haina mzani, wala haina utepe wa kupima mkono. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea, aliyepata degedege au aliyevimba miguu yote miwili hafai kuandikiwa swali. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo mgonjwa wa figo, au wa kisukari anayechoma insulini: apate maelezo ya jumla, ila asibadilishe mlo wala dozi kwa jibu la dakika mbili lililotolewa mbele ya watu mia tatu.

Ukituma picha ya kadi, funika jina la mtoto na namba ya kadi. Uzito na tarehe zinatosha.

Na huyo anayejibu, umjue. Nchini Kenya wataalamu wa lishe husajiliwa na taasisi yao, KNDI, kwa hiyo namba ya usajili ni kitu cha kuombwa bila aibu. Tanzania, halmashauri zina maafisa lishe, na kituo cha afya kinaweza kukuelekeza kwa wa kwenu. Mimi kipimo changu ni rahisi zaidi: kama kila jibu, la mtoto, la mjamzito na la mzee mwenye presha, linaishia kwenye unga uleule wa kopo anaouza mwenyewe, hicho si kipindi cha maswali bali ni duka.

Tangazo lijalo ukiliona, toa kadi ya kliniki kabla ya kugusa kisanduku, na andika umri kwanza.